Uteuzi wa Maneno ya Shukrani katika Barua ya Mgeni kwa Mwenyeji: Uhakiki wa Matini ya Mfano kutoka Rungwe, Mbeya

Ikisiri

Makala haya yanahakiki uteuzi wa maneno ya shukrani katika barua fupi ambayo mgeni humwandikia mwenyeji baada ya kuondoka. Hoja kuu ni kwamba maneno kama asante, shukrani, hisani, fadhila na ukarimu hayapokezani nafasi kwa hiari ya mwandishi anayekwepa urudiaji. Kila neno hutaja uhusiano fulani kati ya mtoaji na mpokeaji, na neno lisilofaa huweza kumgeuza mzazi kuwa mfadhili au nyumba kuwa hoteli. Matini mbili za barua moja, rasimu na marekebisho yake, zimetungwa kwa ajili ya uchambuzi huu na kuwekwa katika mazingira ya Tukuyu, wilayani Rungwe. Uchambuzi umeongozwa na Nadharia ya Vitendo Uneni pamoja na Nadharia ya Staha.

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaokwenda uwandani mara nyingi hulala katika nyumba za watu. Anayekusanya data vijijini katika Nyanda za Juu Kusini hupokewa na wazazi wa rafiki, na baada ya siku kadhaa hurudi chuoni akiwa na deni lisilolipika kwa fedha. Kumpa mwenyeji bahasha ya noti kunaweza kumfedhehesha, na kunyamaza kunaweza kusomeka kama utovu wa adabu. Kinachobaki ni neno, na neno hilo likiandikwa hukosa viungo vyake vya kawaida. Katika mazungumzo ya ana kwa ana, mgeni hupokea chakula kwa mikono miwili, huinama kidogo, hulainisha sauti. Katika jamii nyingi za Tanzania ishara hizo ndizo zinazobeba heshima, na "asante" hutamkwa juu yake tu. Karatasi haina mikono wala sauti, hivyo heshima na ukunjufu vyote hulazimika kubebwa na msamiati na sarufi.

Mwandishi anayejua hilo hukimbilia suluhisho moja kati ya mawili. Wa kwanza huazima lugha ya hotuba za hafla: "nachukua fursa hii", "shukrani zangu za dhati". Barua yake huwa rasmi lakini baridi. Wa pili huandika kama anavyozungumza na kurudia "asanteni sana" hadi neno linapopungua uzito. Makala haya yanaonesha kwamba njia ya tatu ipo, na kwamba haitokani na kutafuta visawe vingi bali na kutambua ni tendo gani hasa linaloshukuriwa.

2.0 Misingi ya Kinadharia

Searle (1969), akiendeleza kazi ya Austin (1962), anakieleza kitendo cha kushukuru kwa masharti manne. Lazima pawe na tendo lililopita la msikilizaji. Tendo hilo limfae msemaji, naye aamini kuwa limemfaa. Msemaji awe na hisia ya shukrani. Na usemi wake uhesabiwe kuwa tamko la hisia hiyo. Sharti la kwanza ndilo lenye uzito katika uhakiki huu. Kushukuru huhitaji tendo mahususi. Barua inayoshukuru "kwa kila kitu" inalitimiza sharti hilo kwa udhaifu, kwa kuwa msomaji hawezi kuliona tendo lake ndani ya maneno.

Brown na Levinson (1987), kwa upande wao, wanaichukulia shukrani kuwa kitendo kinachotishia uso wa msemaji mwenyewe, kwa sababu anayeshukuru anakiri deni na kujishusha. Maelezo haya yanasaidia kufafanua kwa nini baadhi ya waandishi hujificha nyuma ya fomula: fomula huwaruhusu kushukuru bila kukiri. Hata hivyo, nadharia hiyo inahitaji tahadhari pale ambapo kukiri deni kwa mtu mzima hakumpunguzii kijana uso. Kijana anayejiita mtoto mbele ya mwenyeji wake hajashushwa; amepewa nafasi katika nyumba.

Kwa upande wa mazingira, kazi ya Monica Wilson, Good Company (1951), iliyotokana na utafiti alioufanya pamoja na mumewe, Godfrey Wilson, miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, inatoa dhana inayofaa: ukwangala, yaani raha ya kuwa pamoja, kula na kuzungumza na wenzako, pamoja na kusaidiana kunakotokana na urafiki huo. Wilson aliieleza dhana hiyo hasa kuhusu watu wa rika moja katika vijiji vya marika, kwa hiyo haiwezi kuhamishwa nzima nzima kwenda kwa kijana na wazee waliomlaza miongo mingi baadaye. Lakini inaelekeza jicho la mhakiki mahali panapostahili: katika ukarimu wa aina hii, chakula ni sehemu tu ya kilichotolewa. Sehemu nyingine ni muda na maongezi.

3.0 Matini

Hali inayodhaniwa ni hii. Mwanafunzi kutoka Dar es Salaam amekaa siku tano Tukuyu, nyumbani kwa wazazi wa mwanafunzi mwenzake, akikusanya data kutoka kwa wazee wa eneo hilo. Wenyeji ni Wanyakyusa, wakulima wa chai na ndizi, na ni wakubwa kwake kwa umri. Aliporudi aliandika rasimu ifuatayo:

"Habari za huko. Nachukua fursa hii kutoa shukrani zangu za dhati kwenu nyote. Asanteni sana kwa huduma nzuri mliyonipa. Nashukuru sana kwa chakula, malazi na usafiri. Asanteni sana kwa msaada wenu. Ningependa pia kumshukuru Baba kwa fadhila zake. Nashukuru sana na Mungu awabariki."

Barua iliyorekebishwa inasema:

"Kwa Baba na Mama,

Shikamooni. Nilifika Dar es Salaam salama jana jioni, na neno la kwanza ninalotaka kuwaandikia ni asanteni.

Mlinipokea usiku, mvua ikinyesha, nami nikiwa mgeni msiyemjua ila kama rafiki wa mtoto wenu. Kwa siku tano mlinikirimu kama mtoto wenu wa kumzaa. Sitasahau blanketi la pili ambalo Mama aliniletea kabla sijaliomba, wala jioni tulizoketi jikoni tukiota moto, Baba akitusimulia jinsi mashamba ya chai yalivyokuwa alipokuwa kijana. Kazi iliyonileta ingekwama kama Baba asingeacha shughuli zake asubuhi mbili akanifikisha kwa wazee. Kwa hisani hiyo ninawiwa shukrani ambazo karatasi hii haiwezi kuzimaliza.

Nimewasimulia wazazi wangu yote. Wanawasalimu, na wanawashukuru kwa kunilea walipokuwa mbali nami. Kazi yangu ikikamilika nitawaletea nakala niiweke mikononi mwenu. Mungu awazidishie pale mlipopunguza kwa ajili yangu.

Ndaga fijo.

Mwanenu."

4.0 Uchambuzi

4.1 Maneno yanayoharibu uhusiano

Rasimu ya kwanza haina kosa la sarufi. Maneno yake ya shukrani si machache pia: asanteni, shukrani, nashukuru, kumshukuru. Kasoro yake kubwa imo katika nomino zinazofuata maneno hayo. "Huduma nzuri" ni kauli ya mteja. Huduma hutolewa na anayelipwa au na anayetimiza wajibu wa kazi, na kivumishi "nzuri" kinampa mgeni kiti cha mkaguzi anayepima ubora. "Chakula, malazi na usafiri" ni orodha ya madai ya posho za safari. Mwanafunzi ameikariri kutoka kwenye bajeti ya utafiti wake bila kutambua. Mama aliyepika ndizi jioni ile hajioni katika neno "malazi".

"Msaada" una tatizo la namna nyingine. Neno hili humweka mpokeaji katika hali ya uhitaji na mtoaji katika hali ya uwezo. Linafaa pale ambapo tatizo lilikuwapo na mtu akalitatua. Likitumika kwa ukaaji mzima wa siku tano, linawageuza wenyeji kuwa shirika la kusaidia wasiojiweza, na linamfanya mgeni aonekane kuwa alikuwa mzigo.

"Fadhila" ni neno gumu zaidi, na ndilo linalodanganya wengi kwa sababu lina sauti ya fasihi. Asili yake ya Kiarabu inabeba maana ya ziada, kitu kilichotolewa juu ya kinachostahili. Katika Kiswahili, fadhila humwendea mtu kutoka kwa aliye juu, na hukumbukwa kwa hofu ya kutolipwa vyema. Methali isemayo fadhila ya punda ni mateke inaonesha kwamba neno hili linatembea na kivuli cha utovu wa shukrani. Kuwaandikia wazazi wa rafiki kuhusu "fadhila" zao si tusi, lakini kunaweka umbali ambao wao wenyewe walijitahidi kuuondoa kwa siku tano.

4.2 Maneno yanayomwacha mwenyeji nje ya sentensi

Kasoro ya pili imo katika kitenzi. Rasimu inasema "nashukuru" mara mbili, bila kiambishi cha mtendwa. Kiswahili kinaruhusu hilo, na katika mazungumzo kiambishi kinachokosekana hufidiwa na macho ya msemaji anayemtazama msikilizaji. Kwenye karatasi hakuna macho. "Nashukuru" iliyoachwa hivyo inaweza kumhusu Mungu, bahati au hali kwa jumla. "Ninawashukuru" haina utata huo, kwa kuwa kiambishi -wa- kinawaingiza wenyeji ndani ya kitenzi. Barua ya pili inalitumia umbo hilo pale wazazi wa mgeni wanapotajwa: "wanawashukuru". Nyumba mbili zinakutana katika neno moja, upande mmoja ukiwa kiambishi cha mtenda na wa pili kiambishi cha mtendwa.

Jambo linalofanana na hilo ni "ningependa kumshukuru". Hili ni umbo linaloonekana pia katika kurasa za shukrani za tasnifu. Kwa maana yake ya moja kwa moja, mwandishi anaeleza kuwa anapenda kushukuru iwapo hali fulani itaruhusu. Kitendo uneni chenyewe kimeahirishwa. Mazoea yameifanya kauli hiyo ikubalike, lakini katika barua ya nyumbani inasikika kama hotuba ya mtu anayesubiri kipaza sauti.

4.3 Mpangilio wa maneno katika barua ya pili

Barua ya pili ina maneno matano ya shukrani yaliyo tofauti: asanteni, mlinikirimu, hisani, ninawiwa shukrani, na ndaga. Hakuna hata moja lililowekwa ili kukwepa jingine. Kila moja limefungwa kwenye tendo lake.

"Asanteni" imewekwa mwanzo, mara moja tu, bila "sana". Neno hili limetokana na kauli ya Kiarabu yenye maana ya "umefanya vyema". Katika asili yake lilikuwa sifa kwa tendo la msikilizaji. Kiarabu kililielekeza kwa mwanamume mmoja. Kiswahili kililisahau hilo, kikalifanya kihisishi cha watu wote, kisha kikaliongezea kiambishi -ni cha wingi. Kwa sababu ni kihisishi, halihitaji kusema nani amefanya nini. Ndiyo maana linafaa kufungua barua na halifai kuibeba yote. Likirudiwa mara nne, msomaji hubaki akiuliza: asante kwa lipi?

"Mlinikirimu" ndiyo inayojibu swali hilo kwa ukaaji mzima. Kitenzi kukirimu kina mgeni ndani yake: humkirimu mtu aliyekuja kwako. Nomino "ukarimu" ingewasifu wenyeji kwa tabia yao ya kudumu. Kitenzi kinawashukuru kwa walichomtendea mtu huyu, siku hizi tano. Tofauti hiyo ni ndogo kisarufi lakini ni kubwa kimaana. Sifa inaweza kutolewa na mtu yeyote aliyesikia habari zao. Shukrani hutolewa na aliyetendewa. Aidha, kitenzi kimezuiwa kisiwe cha kifahari mno na kilinganishi kinachofuata, "kama mtoto wenu wa kumzaa", ambacho kinaurudisha urasmi nyumbani.

"Hisani" imehifadhiwa kwa tendo moja: Baba kuacha shughuli zake asubuhi mbili. Neno hili linatoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliozaa asante, mzizi wenye maana ya wema na uzuri. Hisani ni wema uliofanywa kwa hiari pale ambapo hapakuwa na wajibu. Mwenyeji yeyote analazimika kwa desturi kumpa mgeni chakula. Hakuna desturi inayomlazimu kumtembeza kwa wazee. Barua imeupima uzito wa tendo kabla ya kuchagua neno, na kwa hiyo Baba anaona kwamba muda wake ulitambuliwa kuwa muda.

"Ninawiwa" ndicho kilele cha urasmi. Kuwia ni kudai; kuwiwa ni kudaiwa. Hapa mgeni anakiri deni waziwazi, jambo ambalo Brown na Levinson wangelihesabu kuwa tishio kwa uso wake. Lakini sentensi inakiri pia kwamba deni hilo halilipiki kwa karatasi, na aya inayofuata haijaribu kulilipa. Inaahidi nakala ya kazi, kitu kitakachomrudisha mgeni Tukuyu. Katika uhusiano wa kijamaa, deni lililolipwa lote humaliza uhusiano, na deni lililoachwa wazi kwa adabu huuendeleza.

4.4 Vitu vidogo na dua

Blanketi la pili na moto wa jikoni havina neno la shukrani karibu yake. Kitenzi ni "sitasahau". Hata hivyo, ndivyo vinavyotimiza sharti la kwanza la Searle kwa ukamilifu. Tukuyu iko kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, eneo la mvua nyingi na usiku wa baridi, na mtu wa Pwani hulala akitetemeka. Mama alilitambua hilo kabla ya kuambiwa, na barua inamwonesha kuwa utambuzi wake ulionekana. Jioni za jikoni, kwa upande wake, zinagusa kile kilichoelezwa kuwa ukwangala: mgeni anashukuru kwa maongezi kwa uzito uleule anaoutoa kwa kitanda.

Dua ya mwisho nayo imebadilishwa. "Mungu awabariki" ni dua halali, lakini ingeweza kufunga barua yoyote. "Mungu awazidishie pale mlipopunguza kwa ajili yangu" inakubali kwamba kulikuwa na upungufu: kuku aliyechinjwa, siku ya kazi iliyopotea. Inautaja bila kuuhesabu. Kauli ya kawaida ya wageni, "samahani kwa usumbufu", ingetaja upungufu huohuo lakini ingemlazimisha mwenyeji kukanusha. Dua haihitaji kukanushwa. Huitikiwa kwa amina.

5.0 Mipaka

"Ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, imefaa kwa masharti matatu. Wenyeji ni Wanyakyusa. Mgeni alilisikia neno hilo nyumbani kwao. Na limekuja mwishoni, baada ya Kiswahili kumaliza kazi yake. Likitangulia, lingeonekana kama pambo la mtalii. Likipelekwa kwa mwenyeji wa jijini Mbeya ambaye ni Msafwa, Mmalila au Msangu, lingesema kwamba mgeni hakuuliza alikuwa nyumbani kwa nani. Mbeya si ya kabila moja, na neno la lugha ya mwenyeji huleta ukaribu pale tu linapokuwa la mwenyeji huyo.

Vilevile, saini "Mwanenu" inategemea umri na namna mgeni alivyoitwa alipokuwa huko. Mtafiti wa miaka 50 aliyelala kwa mwalimu wa miaka 35 hawezi kujiita hivyo. Kwake "ndugu yenu" lingetosha, na "shikamooni" ingeondoka. Pia, "hisani" na "ninawiwa" zingekuwa nzito mno kwa mlo mmoja wa mchana. Neno linalozidi tendo humfanya mwenyeji ashuku kwamba ombi linafuata.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba tofauti kati ya barua mbili haiko katika wingi wa visawe. Rasimu ilishukuru bila kutaja tendo, na nomino zake zilihamisha wenyeji kutoka nyumbani kwenda ofisini. Barua ya pili ilipima kila tendo, ikalipa neno la kiwango chake, na ikawaweka wenyeji ndani ya vitenzi.

Kipimo kinachotokana na uchambuzi huu ni rahisi kutumiwa: barua ihamishiwe kwa mwenyeji mwingine. Rasimu ya kwanza inaweza kutumwa Iringa, Songea au Tanga bila kubadilisha herufi, isipokuwa kwamba huenda huko hakuna aliyeitwa Baba. Barua ya pili ikihamishwa inavunjika kwenye mvua, kwenye blanketi, kwenye chai na kwenye ndaga. Tafiti zijazo zinaweza kukipeleka kipimo hicho kwenye barua halisi zilizohifadhiwa na familia, na kwenye kurasa za shukrani za tasnifu, ambako wenyeji wa uwandani mara nyingi hutajwa kwa pamoja kama "watafitiwa wote", baada ya msimamizi, mfadhili na mkuu wa idara.